Herufi Mbili Alizozifagia Mama Lebo

Ghalani hakuna aliyemwita kwa jina lake la kuzaliwa. Wapagazi, madereva, hata bosi mwenyewe, wote walimwita Mama Lebo, naye aliitika bila kinyongo kwa sababu jina lilisema kweli tupu. Kila chupa, kila kopo na kila mfuko uliotoka mle ghalani ulikuwa na kibandiko cheupe cha Kiswahili, na kila kibandiko kilipita mikononi mwake.

Zamani alikuwa mpiga chapa wa shule. Miaka kumi na tisa alipiga mitihani ya watoto wa watu, na katika miaka hiyo yote hakuna mwalimu aliyemrudishia karatasi kwa kosa la herufi. Hilo alikuwa akilisema mara nyingi kidogo kuliko inavyopendeza. Shule ilipoleta kompyuta na walimu wakaanza kujipigia wenyewe, yeye akaambiwa asante na kwaheri, akabaki na vidole vyepesi na mtoto wa kike wa kusomesha. Ndipo alipopata kazi kwenye ghala la vifaa vya usafi.

Ofisi yake ilikuwa kona ya ghala iliyozungushiwa mbao, na dirisha la kioo la kuwatazama wapagazi. Meza moja, printa ya vibandiko iliyokuwa ikikohoa kila ikianza, taa ya mezani yenye shingo ya kupinda, na simu ya ofisi iliyopasuka pembeni. Harufu ya sabuni ilimwingia mpaka kwenye nywele. Jioni akifika nyumbani, binti yake alikuwa akimtania kwamba yeye peke yake katika mtaa mzima haogi kwa kuwa ameshaoga kazini.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Mzigo mwingi wa ghala ulitoka Urusi, umeandikwa Kirusi kitupu. Mama Lebo alichukua chupa moja ya kila aina, akaiweka chini ya taa, akaipiga picha mbele na nyuma. Simu ilikuwa na programu ya kusoma maandishi ya kwenye picha na kuyatafsiri. Yeye aliyachukua maneno ya simu, ambayo mara nyingi yalikuja yamepinda kama misumari iliyotumika, akayanyoosha yakawa Kiswahili cha mtu, kisha akachapa. Vibandiko vikabandikwa juu ya maandishi ya Kirusi, na mzigo ukatoka. Kirusi chenyewe hakukijua hata cha kuombea maji.

Na hapo ndipo palipokuwa na mtego. Kirusi kina herufi zake, lakini kadhaa kati ya hizo, zikiandikwa kwa herufi kubwa, zinafanana na zetu kama pacha na pacha, huku sauti zake ni nyingine kabisa. Mama Lebo aliligundua hilo kwa aibu mwezi wake wa kwanza. Chupa ya sabuni ya vyombo ilikuwa na neno moja kubwa nyuma, na simu ikalileta hivi: COCTAB. Likasomeka vizuri, likaonekana jina la heshima la dawa ya kisasa. Akachapa vibandiko mia mbili: Sabuni ya Koktabu. Siku mbili baadaye akaja fundi wa majokofu, mzee aliyesomea ufundi wake hukohuko Urusi ujanani. Alikiona kibandiko akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mama, hilo si jina," alisema akifuta machozi. "Hiyo C yao ni S. Hiyo B ni V. Hapo pameandikwa *sostav*, maana yake vilivyomo ndani. Ni kama umeuza sabuni ya Viambato!"

Fundi akakaa, akaomba kipande cha boksi, akamwandikia orodha. P yao ni R. H yao ni N. B ni V, C ni S, Y ni U, X ni kh. Zilizobaki, kama A, K, M, O na T, hazina ujanja mkubwa. Akamweleza na ugonjwa wa simu. Programu inaamua neno kwa neno. Neno likiwa na herufi ngeni kabisa, kama И au Ы au П, simu inajua hiki ni Kirusi na inatafsiri. Neno likiwa na zile za kufanana tupu, simu inadhani ni herufi zetu, inaliacha vilevile lilivyo, halifasiriki. Dawa yake ni kuliandika upya neno hilo kwa kibodi ya Kirusi, herufi kwa herufi, ndipo simu italitambua.

Mama Lebo alikibandika kipande kile cha boksi ukutani, na tangu siku hiyo akawa mwangalifu. Kila neno refu lililobaki bila tafsiri alilipiga upya. Ila kulikuwa na vitu vidogo vidogo vilivyobaki vikielea katikati ya sentensi: HE, OT, HA, TO. Hivyo aliviona uchafu. Na tusimlaumu haraka, kwa maana picha za chupa zina uchafu kweli. Mkwaruzo simu inausoma I, tone la maji inalisoma O, pindo la karatasi inalisoma L. Siku ya chupa mpya alifuta takataka za namna hiyo hamsini, sitini. Aliita kufagia. "Ngoja nifagie halafu nichape," alikuwa akimwambia Ndevu, msimamizi wa ghala, kijana wa miaka thelathini mwenye kidevu kisicho na unywele hata mmoja, ndiyo sababu ya jina.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, saa tano asubuhi. Jua linapiga bati, wapagazi wanapakia, printa imeanza kukohoa. Simu ya ofisi ikalia. Namba hiyo ilichapwa chini ya kila kibandiko, lakini watu waliopiga walikuwa wa kuulizia bei tu. Mama Lebo akapokea akiwa na mkasi mkononi.

"Hapo ndipo kwenye dawa ya kuzibua mabomba?" Ilikuwa sauti ya bibi mtu mzima, inahema. "Ile chupa ya bluu?"

"Ndiyo mama, shikamoo. Unataka ngapi?"

"Sitaki yoyote! Mjukuu wangu ameinywa. Nilikuwa nafanya kazi jikoni, nimegeuka hivi tu, amekaa chini ya sinki na kifuniko mkononi. Midomo imekuwa miekundu. Analia, mate yanamtoka."

Mkasi ukaanguka mezani. "Ana umri gani?"

"Miaka miwili na kitu. Mama yake yuko kazini, simu yake haipatikani. Sasa karatasi yenu hapa inasema akimeza, mtapishe. Nimtapishe kwa nini? Maji ya chumvi? Chumvi kiasi gani kwa mtoto mdogo hivi?"

Mama Lebo alijua chupa ile. Mia nne na themanini zilitoka wiki tatu zilizopita. Kibandiko alikikumbuka mpaka mpangilio wake: *Akimeza, mtapishe.* Kiasi cha chumvi hakukiandika, kwa hiyo labda kwenye chupa kimetajwa naye amekiruka. Moyo ulikuwa unamwenda mbio, na mtu ambaye moyo unamwenda mbio hushika kilicho karibu. Kilichokuwa karibu ni karatasi yake mwenyewe.

"Fanya kama karatasi inavyosema, mama," akasema. "Mimi natafuta kiasi, nakupigia sasa hivi."

"Haya, haya," bibi akasema, na simu ikakatika.

Mama Lebo akafungua kompyuta, akatafuta picha ya chupa ya bluu. Vidole ambavyo havijawahi kukosea vikakosea nywila mara mbili. Picha ikafunguka. Akaikuza kutafuta tarakimu yoyote, gramu, kijiko, chochote. Hakukuwa na tarakimu. Ila pembeni kulikuwa na alama ndogo ambayo wiki tatu zilizopita aliipita kama mtu anavyompita mwombaji njiani: kichupa kinadondosha matone juu ya mkono, na mkono umeliwa umebaki pengo.

Akaitazama ile picha ya mkono. Kitu kinachokula mkono, kikishuka kooni kinafanya nini? Na ukikirudisha juu kwa nguvu, kinapita wapi? Si palepale? Akakuza mstari wa onyo, ulioandikwa wote kwa herufi kubwa.

ПРИ ПРОГЛАТЫВАНИИ НЕ ВЫЗЫВАТЬ РВОТУ.

Akafungua na faili la maandishi ya simu ya siku ile, kabla hajayanyoosha. *Ikimezwa HE kusababisha PBOTY.* Sasa alikumbuka kila kitu. PBOTY lilikuwa neno refu, akalipiga upya kwa kibodi ya Kirusi kama fundi alivyomfundisha, simu ikamjibu *matapishi*, na yeye akajisifu kwa uhodari huo, akaenda kunywa chai. HE akaifagia.

Akaweka vidole juu ya kioo kama mtoto anayejifunza kuhesabu. Maneno mawili ya mwanzo, akimeza. Kidole cha nne, kusababisha. Kidole cha tano, matapishi. Kidole cha tatu hakikuwa na mwenzake.

Akachukua simu, akabadili kibodi. Akabonyeza Н, ile inayofanana na H, ambayo ukutani imeandikwa wazi kwa mkono wa fundi kuwa ni N. Akabonyeza Е. Simu haikufikiri hata kidogo. Ikajibu: *si*.

Si kusababisha matapishi. Usimtapishe.

"Mungu wangu," akasema kwa sauti kubwa, na Ndevu akageuka kule nje ya kioo. "Mungu wangu, nimeua mtoto wa watu."

Akapiga namba ya bibi. *Namba unayopiga inatumika kwa sasa.* Akapiga tena. Inatumika. Akapiga mara ya tatu, ya nne. Sauti ile ya mwanamke asiye na haraka ikamrudia maneno yaleyale, na kila ikirudia Mama Lebo aliona jiko asilolijua, kikombe cha maji ya chumvi, mtoto aliyekabwa mashavu, na dawa yake ya bluu ikipanda tena koo iliyokwisha kuungua. Anaongea na nani? Kwa nini anaongea na mtu saa hizi? Au ameshamaliza kumtapisha?

Ndevu aliingia. Ni mtu wa mzaha kutwa, lakini alipouona uso ule mzaha ulimkauka. Mama Lebo akamweleza kwa maneno yaliyokatikakatika huku kidole kikiendelea kubonyeza.

"Acha kupiga," Ndevu akasema.

"Niache vipi? Mtoto—"

"Mama, acha. Ulimwambia utampigia, hujampigia. Si ndiye anakupigia yeye? Wewe unampigia, yeye anakupigia, mnazibiana njia. Weka simu chini."

Hakuna jambo gumu alilowahi kuambiwa alifanye kama lile. Kuiweka simu chini ilikuwa sawa na kumwacha mtoto mikononi mwa kile kikaratasi. Na kama Ndevu amekosea? Kama bibi anaongea na jirani, kila dakika ya kukaa kimya ni dakika ya kumaliza kazi. Akaiweka simu mezani. Akaondoa mkono, akauweka chini ya kwapa usije ukaichukua tena. Wote wawili wakaikodolea macho ile simu iliyopasuka. Nje mpagazi alikuwa anapiga mluzi, na Mama Lebo alimchukia kwa moyo wake wote.

Akahesabu kimoyomoyo mpaka kumi na moja. Simu ikalia.

"Mbona simu yako haishikiki?" Bibi alikuwa analia sasa. "Anauma meno, hataki kunywa! Nimekoroga chumvi kikombe kizima, nimemwita jirani aje amshike, nimpanue mdomo kwa kijiko—"

"Usimtapishe! Mwaga hayo maji!"

"Nini?"

"Usimtapishe mama, nakuomba. Usimpe chumvi. Dawa hiyo inaunguza. Ikishuka imeunguza, ikipanda itaunguza mara ya pili. Mwaga hayo maji, mfute mdomo kwa maji safi, mkimbizeni hospitali sasa hivi."

Kisha sauti ya bibi ikabadilika, ikawa na ukali wa mtu mzima anayeona anachezewa. "Wewe dada, sasa hivi tu umeniambia nifanye kama karatasi inavyosema. Na karatasi ninayo mkononi. Nina miwani, naona. Imepigwa chapa. Mtapishe. Unataka nimsikilize nani, wewe au karatasi?"

Swali lile lilikuwa la haki kabisa. Mtu asiyemjua amebadili maneno ndani ya dakika tano, na karatasi haijabadilika hata nukta. Mlangoni bosi alikuwa amesimama, kavutwa na kelele. Bosi si mtu mbaya, ila anaogopa kesi kuliko anavyoogopa moto, na siku ya kwanza ya kazi alimwambia Mama Lebo kwamba kwenye simu ya ofisi mtu hakiri kosa, anasema *tutalifuatilia*. Sasa alikuwa ameshaelewa nusu ya habari, na kichwa chake kilikuwa kinakwenda kushoto, kulia, kushoto.

"Karatasi hiyo niliiandika mimi," Mama Lebo akasema. "Mimi mwenyewe, mama, kwa mikono yangu. Na nimekosea. Kirusi chake kinasema usimtapishe, mimi nikaliacha neno moja. Ni kosa langu. Nakuapia kwa mwanangu. Usimtapishe."

Bosi akafumba macho.

Upande wa pili pakasikika kitu kikimwagwa kwenye sinki. Kisha sauti ya mwanamke mwingine, jirani, ikiuliza kuna nini, na bibi akijibu, "Shika mtoto, tunakwenda. Karatasi imekosea."

"Chukueni na chupa!" Mama Lebo akapiga kelele. "Daktari ataiuliza. Na mtoto asilazwe chali, akae wima. Msimlazimishe kumeza chochote njiani." Mengine aliyajua kwa kuwa ni mama, mengine aliyasoma kwenye vibandiko vya watu wengine, vile vilivyoandikwa vizuri.

Simu ikakatika. Akakaa. Ndevu akamletea maji, naye akayatazama tu.

"Unajua umefanya nini?" bosi akamuuliza, lakini kwa sauti ya chini.

"Najua," akasema. "Nimefanya wiki tatu zilizopita."

Mchana ule ulikuwa mrefu kupita kiasi. Chakula hakikupita. Kilichomtisha sasa ni faili. Kama alifagia HE moja, amefagia ngapi? Akafungua aina zote kumi na nne alizowahi kuandika, akakaa na kipande cha boksi cha fundi mapajani, akisoma picha zenyewe, si maneno ya simu, kidole juu ya kila neno. Kwenye aina kumi na tatu maonyo yaliandikwa kwa herufi ndogo, na kwa herufi ndogo pacha wale wanaachana. N yao ndogo, н, haifanani na herufi yetu ndogo hata moja, wala в, wala т. Hapo simu haikudanganyika, ilitafsiri *si* zote salama. Ni chupa ya bluu pekee iliyoandikwa onyo lake kwa herufi kubwa tupu. Mtengenezaji alitaka kila mtu alione. Ukubwa ule ndio ulioliponza.

Alipofika mwisho wa faili alilia kidogo, kwa kujificha, uso kwenye printa.

Saa kumi kasorobo simu ikalia. Safari hii ilikuwa sauti ya kijana, muuguzi. Aliipata namba kwenye chupa. Alitaka kujua ndani mna nini hasa na kwa kiwango gani, kwa maana kibandiko kimefunika maandishi na kikibanduliwa kinachana yaliyo chini. Mama Lebo hakumsomea tafsiri yake. Alimtumia picha zenyewe, mbele na nyuma, na akamwomba asitumie simu kuzisoma ila amtafute mtu anayekijua Kirusi. Akampa na namba ya fundi wa majokofu.

"Mtoto anaendeleaje?" akauliza.

"Midomo na ulimi vimeungua. Kooni daktari ameangalia, ni kidogo, alikunywa funda moja akalitema nusu. Atalazwa siku kadhaa tumwangalie." Muuguzi akaongeza: "Nasikia mlikuwa mumtapishe. Angetapishwa tungekuwa tunaongea mambo mengine."

"Ndiyo," Mama Lebo akasema.

Kesho yake bosi alitoa gari na madereva wawili bila kuombwa, na hilo tumpe haki yake. Mama Lebo alikwenda nao duka kwa duka na orodha mkononi. Kila mwenye duka alitaka sababu, naye alisema sababu bila kuipaka rangi: niliandika mtapishe, ni usimtapishe. Wengine walimcheka, mmoja alimtukana, mmoja alimpa kiti na soda. Chupa zilizouzwa walizifuata kwa kuulizia, nyumba kwa nyumba, mpaka kwa mama mmoja aliyekuwa ameihamishia dawa kwenye chupa ya maji ya kunywa, na Mama Lebo akaibeba chupa ile kwa mikono miwili mpaka garini.

Siku ya nne alikwenda hospitali. Alimkuta bibi kwenye benchi la korido, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. Ndani ya chumba mtoto alikuwa amelala, midomo imepakwa dawa, mkono mmoja umeshika sikio la mdoli wa nguo. Mama Lebo alibaki mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Bibi alimtazama kutoka viatuni mpaka kichwani. Sauti aliijua. "Wewe ndiye wa karatasi."

"Ndiyo, mama. Nimekuja kuomba msamaha."

Muuguzi alipita na kitoroli, akarudi nacho.

"Alinibana meno," bibi akasema mwishowe. "Huyu mtoto ana ubishi, mama yake nilikuwa namgombeza kila siku kwamba anamdekeza. Kama angekuwa mtiifu, ningeshamaliza. Kwa mkono wangu huu. Silali nikifikiria. Sijui wewe unalalaje."

"Silali."

"Vizuri." Hakuisema kwa chuki. Akafungua mkoba, akatoa karatasi ndogo nyeupe iliyochanika pembeni, kibandiko chenyewe, alichokibandua baada ya muuguzi kumrudishia chupa. Akamwekea Mama Lebo kiganjani. "Basi kaandike upya."

Akaandika upya. Kibandiko kipya cha chupa ya bluu kina mstari mmoja mkubwa kuliko mingine yote, na neno lake la kwanza ni USIMTAPISHE. Hakitoki ghalani mpaka fundi wa majokofu aisome chupa yenyewe kwa macho yake na kutia sahihi, na kila asubuhi ya mzigo mpya anakuja, anakunywa chai yake, analalamika miwani. Ile habari ya miaka kumi na tisa bila kosa la herufi Mama Lebo ameacha kuisimulia. Kile kibandiko kilichochanika amekibandika ukutani, chini ya kipande cha boksi.

Kati ya chupa mia nne na themanini, zimerudi mia nne na kumi na mbili. Sitini na nane hazijulikani ziko chini ya sinki za nani. Mama Lebo ameomba simu ya ofisi awe anakwenda nayo nyumbani, na bosi amekubali. Inakaa mezani akila, inakaa kando ya beseni akifua, na ikilia anaipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha, akisema kabla hajaulizwa: "Kama ni chupa ya bluu, usimtapishe."